Tatuu kwenye picha ya mkono: ulipie programu au utumie ya bure?

Mteja anatuma picha ya mkono WhatsApp na ombi moja: "Nionyeshe itakavyokaa." Photopea, inayofunguka kwenye kivinjari, inaifanya kazi hiyo bure, ingawa utavumilia matangazo. Procreate ya iPad ni dola 12.99, unalipa mara moja. Photoshop ni takriban dola 23 kila mwezi ukijifunga mwaka mzima, yaani zaidi ya dola 270 kwa mwaka. Kinachofanya picha ya majaribio idanganye ni mambo mawili, mviringo wa mkono na mwanga, na programu zote tatu zina zana za kuyarekebisha.

Tuanze na mviringo. Tuseme mteja anataka ua la waridi lenye upana wa sentimita 10 kwenye kigasha, kati ya kiwiko na kiganja. Zungushia mkono futi ya fundi cherehani, upate sentimita 27. Mkono wenye mzunguko huo, ukiutazama kwa mbele, una upana wa sentimita 8.6 tu. Kwa hiyo ua la sentimita 10 likishakumbatia mkono litaonekana kama la sentimita 8. Tena halipungui sawasawa: sentimita ya katikati inabaki karibu nzima, ya mwisho pembeni inaonekana kama nusu. Ukilibandika ua bapa kwenye picha, mteja ataona petali za pembeni zikiwa pana kuliko atakavyoziona kwenye ngozi.

Dawa yake inaitwa Warp, na programu zote tatu zinayo. Punguza kwanza upana wa ua hadi sentimita 8 kwa kipimo cha picha, kisha vuta nukta za ndani za wavu kuelekea pembeni, ili katikati ipanuke na kingo zibanwe. Photoshop na Photopea zina pia Displace, ambayo watu huisifu sana. Lakini Displace haijui umbo la mkono. Inasogeza mchoro kwa kufuata weupe na weusi wa picha. Mkono ukipigwa mwanga wa upande mmoja, kivuli kitahesabiwa kama bonde na ua litapinda pasipopindika. Itumie kwa kiasi kidogo, kwenye mikunjo ya ngozi, na mviringo uuachie Warp.

Sasa mwanga. Weka safu ya mchoro kwenye Multiply. Nyeupe ya karatasi inatoweka, wino unachanganyika na rangi ya ngozi, na vivuli vya mkono vinapita juu ya ua. Kwa ngozi zetu nyeusi hili lina faida ya ziada. Wino hukaa chini ya tabaka la juu la ngozi, lenye melanini, hivyo tunauona kupitia rangi ya ngozi yenyewe. Multiply inaiga hali hiyo kwa karibu: njano iliyowaka kwenye karatasi inageuka kahawia, karibu imezwe na ngozi, ilhali mistari myeusi na minene inabaki wazi. Msanii anayeiacha safu kwenye Normal anamwonyesha mteja njano ambayo hataipata.

Kasoro ya Multiply ni mng'ao. Ngozi inapong'aa, mng'ao uko juu ya wino, lakini wino mweusi wa kwenye skrini unauzima, na ua linaonekana kama stika. Shusha Opacity hadi asilimia 85 hivi, mng'ao urudi kidogo. Na picha yenyewe ipigwe karibu na dirisha, bila flashi, simu ikiwa umbali wa kama mita moja na nusu. Ukiisogeza karibu sana, sehemu iliyo mbele ya lenzi inavimba.

Programu za simu zinazoonyesha tatuu juu ya ngozi unapoelekeza kamera zinafaa kuchagua mahali, bega au kigasha. Kwa ukubwa na rangi, usizitegemee.

Kwa hiyo, ukiwa na kompyuta tu, anza na Photopea. Hutakosa chochote kati ya hivi. Ukiwa tayari unachorea kwenye iPad, dola 12.99 zinajilipa haraka kwa sababu unachora na kujaribu pahala pamoja. Ila usinunue iPad kwa ajili ya majaribio haya pekee. Photoshop ilipiwe na mwenye kazi nyingine za picha za kuilipia.

Kuna jambo ambalo hakuna programu kati ya hizo inayolionyesha. Mkono ukigeuzwa kiganja juu kisha chini, ngozi ya kigasha inajisokota na ua linaegemea upande. Hilo linaonekana kwa karatasi ya stensili tu, ikibandikwa mkono ukiwa umelegea na mteja akaugeuza mbele ya kioo. Ikikaa vibaya, inafutwa kwa spiriti na kubandikwa upya.