Nusu ukurasa wa fomani

Fungua brosha ya kampuni ya ujenzi, ipite picha ya mkurugenzi aliyevaa helmeti isiyo na vumbi hata chembe, zipite picha za magreda, na huko nyuma utamkuta fomani. Kwa kawaida amepewa mistari minne. Ni mchapakazi, ni mwaminifu, ana uzoefu wa miaka mingi, anaweza kufanya kazi katika mazingira magumu. Sifa hizo ungeweza kumpa dereva wa lori, mhasibu au mlinzi wa getini, zikamkaa vilevile.

Ni hasara, kwa sababu mteja mwenye akili huyu ndiye anayemtafuta. Bodi ya Usajili wa Makandarasi nchini Tanzania huwapanga makandarasi kwa madaraja, kuanzia la saba hadi la kwanza, na daraja humwambia mteja kampuni inaruhusiwa kubeba kazi ya ukubwa gani. Haimwambii ni nani atakayesimama saiti saa moja asubuhi lori la mchanga linapoingia na mchanga umejaa udongo. Mkurugenzi ana saiti nyingine. Mhandisi anapita na kuondoka. Anayeukataa ule mchanga, au anayeupokea kwa sababu tayari mafundi wanasubiri, ni fomani.

Wasifu wake basi una kazi ya kujibu maswali matatu ya mteja: jengo langu litaisha lini, kuna mtu atakayeumia humo, na huyu bwana anawezana na watu? Kosa la brosha nyingi ni kuyajibu kwa sifa, wakati mteja anataka kitu anachoweza kukiuliza au kukikagua.

Tuanze na muda, maana hapo ndipo uongo mwingi hupita bila mwandishi mwenyewe kukusudia. “Amekamilisha miradi yote kwa wakati.” Wakati upi? Mkataba wa ujenzi una tarehe ya kukabidhi, lakini tarehe hiyo inaweza kusogezwa kihalali. Msingi ukichimbwa na kukutwa maji ambayo michoro haikuyatarajia, au mteja akichelewa kuamua aina ya vigae, au mvua ikizidi ile ya kawaida ya msimu, mkandarasi huomba nyongeza ya muda na msimamizi wa mkataba huikubali, huipunguza au huikataa. Mkandarasi akipitiliza tarehe mpya, mikataba mingi humkata fedha kwa kila siku au kila wiki ya kuchelewa.

Chukua mfano wa kubuni: jengo la madarasa la ghorofa mbili, mkataba wa wiki 40. Maji yalikutwa msingini, nyongeza ya wiki 3 ikakubaliwa, jengo likakabidhiwa wiki ya 42. Je, limeisha kwa wakati? Ukihesabu kwa tarehe ya kwanza limechelewa wiki mbili. Ukihesabu kwa tarehe iliyorekebishwa limewahi wiki moja. Mwandishi wa brosha hutamani kuificha ile 40. Mimi ningeiandika, pamoja na sababu ya nyongeza, kwa kuwa mtu aliyewahi kujenga hata nyumba ya vyumba viwili anajua kwamba mambo ya chini ya ardhi hayana adabu, na akiona kampuni imesema lililotokea ataamini na yale mengine. Ushahidi wenyewe fomani anao. Upo kwenye daftari la saiti, anamoandika kila siku hali ya hewa, idadi ya mafundi, vifaa vilivyoingia na kazi iliyosimama. Bila daftari hilo ombi la nyongeza ya muda halina mguu wa kusimamia, kwa hiyo “anatunza daftari la kila siku” ni sifa nzito kuliko “mchapakazi”.

Lakini fomani huokoaje muda? Hapa inabidi tuingie chini ya slabu.

Zege la slabu linapomwagwa hubebwa na mbao au marine bodi, na chini yake husimama propu za chuma au mirunda. Slabu ya kwanza ikishamwagwa, propu zile zinatakiwa haraka juu kwa slabu ya pili. Zege haliko tayari. Likimwagiliwa maji vizuri huwa limepata sehemu kubwa ya nguvu yake ndani ya siku 7, lakini nguvu inayohesabiwa kwenye michoro ni ile ya siku 28. Kuondoa propu za slabu kwa kawaida husubiri siku 14 hadi 21, kutegemea umbali kati ya nguzo, na mhandisi ndiye mwenye neno la mwisho baada ya kuona majibu ya vipande vya majaribio vilivyovunjwa maabara. Tena slabu changa ikishaondolewa propu zote haipaswi kubebeshwa uzito wa slabu nyingine mbichi juu yake.

Fomani mwenye haraka hung’oa propu siku ya kumi. Mara nyingi jengo halianguki. Slabu hulegea kidogo katikati, nyufa nyembamba hutokea upande wa chini, plasta huzifunika, na brosha husema jengo limeisha kwa wakati. Fomani anayejua kazi huwa amekwishalimaliza tatizo wiki sita kabla. Amehesabu propu zilizopo, ameona hazitoshi kwa sakafu mbili, amemwambia mkurugenzi wakodi seti ya pili. Gharama ya kukodi inaonekana kubwa ofisini mpaka mtu ailinganishe na wiki mbili za mafundi kukaa bure na makato ya ucheleweshaji. Kisa kama hicho kwenye wasifu kinajibu swali la muda na la usalama kwa mpigo mmoja.

Juu ya usalama, sentensi inayopendwa ni “hajawahi kupata ajali hata moja.” Mkaguzi mzoefu akiisoma hujiuliza kama hakukuwa na ajali au hakukuwa na mtu wa kuziandika. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe taarifa za ajali, na saiti inaweza kukaguliwa na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali unaosimamia sheria hiyo. Kwa hiyo rekodi ya msumari uliomchoma kibarua mguuni, na hatua iliyochukuliwa kesho yake, haimwaibishi fomani. Inaonyesha kuna mtu anayeandika.

Kinachofaa kuandikwa ni mazoea. Kila asubuhi kabla ya kazi huwakusanya watu kwa dakika kumi kuzungumzia hatari ya siku hiyo tu: leo tunachimba, leo tunapandisha matofali. Jukwaa hukaguliwa kila wiki na tena baada ya mvua kubwa. Mtaro unaozidi kina cha kiuno cha mtu mzima hautegemewi usimame wenyewe. Kingo hulazwa au huzuiwa kwa mbao, na udongo uliochimbwa huwekwa mbali na ukingo usije ukarudi na aliyemo ndani. Ncha za nondo zilizosimama hufunikwa. Msomaji asiyejua ujenzi anaielewa kila moja, na siku akitembelea saiti anaweza kuangalia kwa macho yake kama ni kweli.

Kuongoza watu ndiko kunakoandikwa vibaya kuliko yote. “Ana uwezo wa kuongoza kikosi cha watu 50” ni hesabu ya vichwa tu. Uongozi wa fomani huonekana siku ya kumwaga slabu. Slabu ya mita za mraba 200 yenye unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 30 za zege. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa moja kwa mbili kwa nne hiyo ni karibu mifuko 190 ya simenti, na mikisa moja ikitoa mita tatu za ujazo kwa saa, ni saa kumi bila kupumua. Katikati ya saa hizo kuna njaa, jua, vaibreta inayozimika na wingu linalojikusanya upande wa bahari.

Fomani mzuri huleta mikisa mbili na vaibreta ya akiba. Hupanga zamu ili mikisa isisimame watu wanapokwenda kwa mama ntilie. Fundi nondo humwacha juu, kwa kuwa wasukuma toroli wakikanyaga nondo za juu zinazama, na slabu inakosa chuma mahali inapokihitaji. Fundi seremala humweka chini, pekee yake, siku nzima, akipita kati ya propu akisikiliza na kukaza kabari. Kazi hiyo ya chini haina anayeiona wala picha kwenye brosha, na wengi huiacha. Ukitaka kujua kama fomani anajua kuongoza, muulize nani alikuwa chini ya slabu.

Kuna na alama nyingine: mafundi wanaomfuata kutoka saiti hadi saiti, vibarua wanaolipwa jioni ileile waliyoahidiwa, saidia fundi aliyepelekwa VETA ujuzi wake urasimishwe na sasa amekuwa fundi mwashi. Alama moja ya hivi, ikiwa ya kweli, inatosha.

Kwa mfano wetu wa kubuni, nusu ukurasa ungeweza kusomeka hivi:

“Alianza kama saidia fundi, akawa fundi seremala, na ni fomani wetu kwa miaka tisa. Mradi wake wa karibuni ni jengo la madarasa la ghorofa mbili. Mkataba ulikuwa wa wiki 40. Mhandisi aliongeza wiki 3 baada ya maji kukutwa msingini. Tulikabidhi wiki ya 42. Propu za slabu ya kwanza hazikuguswa mpaka majibu ya maabara yalipotoka, kwa kuwa alikuwa ameagiza seti ya pili mapema. Hufungua siku kwa kikao cha usalama, hukagua majukwaa kila wiki na kila baada ya mvua, na huandika daftari la saiti kwa mkono wake. Mafundi sita kati ya waliofanya naye kazi hiyo wako naye kwenye mradi wa sasa. Mteja wa mradi huo amekubali kupigiwa simu.”

Hakuna neno “mchapakazi” humo. Sentensi ya mwisho inahitaji ruhusa ya mteja kabla ya kuchapwa, na wasifu mzima unahitaji ruhusa ya fomani mwenyewe, ausome na kurekebisha tarehe; yeye ndiye atakayeulizwa.

Jambo la mwisho ni la ratiba. Baada ya kukabidhi, mikataba mingi huacha miezi 6 au 12 ambamo mkandarasi hurudi kurekebisha kasoro, na jengo lililokabidhiwa kiangazi halijaonyesha paa lake mpaka masika ipite juu yake. Kampuni inayochapa brosha mwezi Februari ikiwa na jengo lililokabidhiwa Desemba ni afadhali iandike “limekabidhiwa, lipo kwenye kipindi cha uangalizi”, na mwezi Juni impigie mteja simu kuuliza kama kuna dari lililolowa.