Akiba ya Kwenye Simu: Pesa Yako Inashikwa na Nani?

Kijana aliyeanza kazi Nairobi, akipokea mshahara wa shilingi 40,000 baada ya makato, leo hahitaji kupanga foleni benki ili aweke akiba. Akifungua M-Pesa kwenye simu yake atakuta M-Shwari, na tangu mapema mwaka 2025 atakuta pia Ziidi. Nje ya M-Pesa zipo programu za kampuni za uwekezaji, za bima na za benki, nyingi zikipokea hata shilingi mia. Zote zinaonyesha salio linalokua na kitufe cha kuweka na kutoa. Kwa macho zinafanana sana, lakini pesa inayoingia huku na ile inayoingia kule zinalindwa na sheria tofauti kabisa.

M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, ni akaunti ya benki. Benki hiyo wakati huo iliitwa CBA, na sasa ni NCBA. Ukiweka pesa hapo unakuwa mteja wa benki, na benki inawajibika kukurudishia yote pamoja na riba iliyoahidi. Ikifilisika, Shirika la Bima ya Amana la Kenya, KDIC, hulipa kila mteja hadi shilingi 500,000. Kwa mtu mwenye akiba ya elfu thelathini au laki mbili, huo ni ulinzi kamili.

Ziidi na nyingi za zile programu nyingine ni milango ya kuingilia mfuko wa soko la fedha. Hapa huweki amana, bali unanunua kipande cha mfuko wa pamoja. Msimamizi huchukua michango ya watu wote na kuiweka kwa muda mfupi kwenye hati za hazina za serikali, amana za benki, na wakati mwingine kwenye hati za madeni ya kampuni. Faida huhesabiwa kila siku, na kwa kawaida huzidi riba ya akaunti ya akiba ya benki. Lakini KDIC haiufikii mfuko huu. Mali za mfuko zikipata hasara, hasara ni ya wenye vipande.

Kuna ulinzi wa aina nyingine, nao unafaa kueleweka kabla ya kutuma hata senti. Mfuko ulioidhinishwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, hauachi pesa mkononi mwa msimamizi. Benki mtunzaji ndiyo inayoshika fedha na hati, mdhamini anawasimamia wote wawili kwa niaba ya wenye vipande, na mkaguzi wa nje hukagua hesabu. Kampuni inayosimamia mfuko ikifungwa kesho, mali za mfuko si zake na wadai wake hawawezi kuzigusa. Kwa hiyo mtu akikuletea programu mpya, muulize majina haya: benki mtunzaji ni ipi, na mdhamini ni nani? Mfuko halali huyaandika kwenye waraka wake wa maelezo na kwenye tovuti. Asiyeweza kuyataja hana mfuko.

Jina kubwa na tangazo zuri havitoshi, na Wakenya walilipia somo hili kwa uchungu. Kundi la Cytonn lilikuwa na mfuko wa soko la fedha wenye idhini ya CMA. Kundi hilohilo liliuza pia kitu kilichoitwa Cytonn High Yield Solutions, kilichoahidi faida ya hadi asilimia 18 kwa mwaka, ambacho hakikuwa chini ya usimamizi wa CMA. Pesa zake zilikwenda kwenye majengo. Jengo haliuzwi kwa wiki moja, na wawekezaji walipotaka pesa zao hazikuwapo. Mwaka 2021 mpango huo uliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi, na Januari 2023 Mahakama Kuu iliamuru ufilisiwe. Maelfu ya watu walikuwa wameweka mabilioni ya shilingi humo. Idhini hupewa mfuko mmoja mmoja kwa jina lake kamili, haienei kwa kila kinachouzwa na kundi lenye jina hilo. Ndiyo maana orodha ya CMA, iliyo kwenye tovuti cma.or.ke, inapaswa kusomwa neno kwa neno.

Hata idhini ina mipaka. Supamaketi za Nakumatt zilipokuwa zikianguka mwaka 2017, mfuko wa Amana, ambao ulikuwa na idhini, ulikuwa umeikopesha Nakumatt kupitia hati za madeni. Pesa hizo hazikurudi, na mfuko ukasimamisha kwa muda utoaji wa fedha. Hakukuwa na tapeli hapo. Tatizo lilikuwa sehemu kubwa mno ya pesa kwa mdaiwa mmoja. Mifuko mingi hutoa taarifa fupi ya kila mwezi au robo mwaka inayoonyesha pesa imegawanywaje. Ukiona sehemu kubwa iko kwenye hati za hazina na amana za benki kadhaa, unaweza kupumua. Ukiona robo au zaidi iko kwenye madeni ya kampuni binafsi, uliza ni kampuni gani. Na kama taarifa haipatikani kabisa, mimi nisingeweka pesa yangu hapo.

Sasa tuje kwenye ada, ambapo vijana wengi huangalia pasipofaa. Tuseme kijana wetu anaweka shilingi 3,000 kila mwanzo wa mwezi kwa mwaka mzima, kwenye mfuko unaotangaza asilimia 10 kwa mwaka. Kwa kawaida kiwango kinachotangazwa kimeshatolewa ada ya usimamizi, ambayo mara nyingi huwa karibu asilimia 2 ya mali za mfuko kwa mwaka, lakini hakijatolewa kodi. Serikali hukata asilimia 15 ya faida, na msimamizi huikata kabla hujaiona. Mwisho wa mwaka kijana atakuwa ameweka 36,000 na kupata faida ya takriban shilingi 1,700 baada ya kodi.

Linganisha gharama mbili. Mfuko mmoja ukiwa na ada ya usimamizi iliyozidi ya mwingine kwa asilimia moja, tofauti hiyo itamgharimu kijana huyu kama shilingi 200 kwa mwaka, kwa kuwa kwa wastani salio lake lilikuwa chini ya elfu ishirini. Lakini programu ikimtoza, tuseme, shilingi 50 kila anapotoa pesa, naye ana mazoea ya kutoa mara mbili kwa mwezi, atakuwa amelipa 1,200. Kati ya faida yake ya 1,700 zitabaki 500, na hapo bado hatujahesabu kwamba pesa iliyotolewa iliacha kuzaa. Kwa mwenye akiba ndogo, ada ya kila muamala ndiyo panya anayekula ghala. Baadhi ya mifuko hubeba gharama ya kuweka kwa Paybill na kuruhusu kutoa bure, na mingine humwachia mteja gharama zote. Soma ukurasa wa ada kabla ya ukurasa wa faida. Siku akiba itakapofika shilingi 500,000, hesabu itageuka, kwa sababu asilimia moja itakuwa shilingi 5,000 kwa mwaka, na hapo ada ya usimamizi itastahili kubishaniwa.

Kiwango cha faida nacho kina kipimo chake. Kila wiki Benki Kuu ya Kenya huuza hati za hazina kwa mnada na kutangaza riba yake. Katikati ya mwaka 2024 hati za siku 91 zilikuwa zikilipa karibu asilimia 16. Mwaka mmoja baadaye zilikuwa karibu asilimia 8, na mifuko yote ikashuka pamoja nazo. Mfuko uliokupa asilimia 15 ukashuka hadi 10 haujakuibia, maana hati za zamani ziliiva na nafasi yake ikachukuliwa na mpya zenye riba ndogo. Wa kutiliwa shaka ni ule unaobaki juu sana wakati hazina yenyewe inashuka, kwa kuwa faida hiyo ya ziada lazima itoke kwenye hatari fulani ambayo hujaambiwa.

Kwa kipimo hichohicho unaweza kumtambua tapeli bila utaalamu wowote. Programu inayoahidi asilimia 2 kwa siku inadai kwamba shilingi 1,000, zikiachwa zizaliane, zitapita milioni 1.3 kwa mwaka. Hakuna hati, shamba wala duka duniani linalozalisha hivyo mwaka mzima kwa uhakika. Programu za aina hii hulipa vizuri mwanzoni, kwa pesa za walioingia baadaye, ili aliyeingia awalete wenzake wa kazini. Dalili ya mwisho huja unapotaka kutoa kiasi kikubwa: unaambiwa ulipe kwanza kodi au ada ya kufungua akaunti. Kumbuka kwamba kwenye mfuko halali kodi hukatwa ndani ya faida na haiombwi kwako. Ukiombwa kutuma pesa kwa namba ya mtu binafsi, simama hapohapo. Na unapolipa kwa Paybill, soma jina la biashara linalotokea kabla ya kuweka PIN. Likitofautiana na jina la mfuko, usiendelee mpaka mfuko wenyewe, kwa namba uliyoitoa kwenye tovuti yake, ukueleze kwa nini. Wapo wanaochukua nembo ya kampuni halali na kuunda vikundi vya WhatsApp na Telegram kwa jina lake. Na kupatikana kwa programu kwenye duka la programu za simu hakumaanishi kwamba kuna aliyeipa idhini ya kukusanya pesa.

Ukishachagua, jaribu mlango wa kutokea kabla ya kuujaza wa kuingilia. Weka shilingi 500, zikae wiki moja, kisha zitoe zote. Angalia zimechukua saa ngapi au siku ngapi, zimekatwa nini, na kama taarifa ya akaunti uliyotumiwa inalingana na ulichoona kwenye simu. Siku mbili au tatu za kazi ni jambo la kawaida kwa mifuko mingi. Fedha za dharura za leo usiku zisikae kwenye mfuko unaochukua siku tatu, bali zibaki kwenye akaunti ya benki hata kama riba ni ndogo.

Jambo moja zaidi husahaulika, nalo ni laini ya simu. Vijana wengi bado wanatumia laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi au kaka, na akiba inayofunguliwa kwa laini hiyo inaweza kuleta utata wa mmiliki. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na urekebishe kabla ya kuanza. Kisha jaza sehemu ya mrithi kwenye fomu ya mfuko, na umpe mtu mmoja wa nyumbani jina kamili la mfuko na namba yako ya uanachama, bila PIN. Familia isiyojua kwamba akaunti ipo haiwezi kuidai, na mali isiyodaiwa kwa muda uliowekwa kisheria hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, UFAA. Warithi wanaweza kuidai huko pia, lakini kwanza lazima wajue cha kutafuta.