Maji Darini Usiku Usio na Mvua

Mwezi Julai, katika nyanda za juu za Njombe, mvua hainyeshi, lakini dari za jipsamu hupata madoa. Mwenye nyumba humwita fundi, matundu ya misumari huzibwa, na alfajiri inayofuata matone yanadondoka tena. Bati halivuji. Linatoa umande kwa ndani.

Usiku wa mbingu isiyo na mawingu, bati hupoteza joto kuelekea angani hadi likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Chukua hewa ya darini yenye nyuzi 18 na unyevu wa asilimia 80. Ikigusa kitu chenye nyuzi 14 au chini, mvuke wake hugeuka maji. Bati likishuka hadi nyuzi 9, kila mita ya ujazo ya hewa hiyo huacha gramu tatu na kitu, ambazo ni chache. Tatizo ni kwamba mvuke mwingine unazidi kupanda kutoka vyumbani: watu watano waliolala hutoa kwa pumzi na jasho takriban lita moja na nusu hadi asubuhi, mbali na sufuria za jioni na nguo zilizoanikwa ndani. Hupenya kwenye mianya ya taa na pembeni mwa dari.

Kutofautisha si kazi ngumu. Paa linalovuja hulowa sehemu moja, tena wakati wa mvua. Umande hutanda chini ya bati zima, huteremka hadi kwenye papi na kudondokea hapo, na ncha za misumari hushika kutu.

Siku hizi yapo mabati yaliyobandikwa kiwandani, upande wa chini, kitambaa cha poliesta mfano wa blanketi jembamba. Hakizuii umande kutokea. Kinaunywa na kuushika, aina nyingi kati ya nusu lita na lita moja kwa mita ya mraba, ingawa uwezo hupungua kadiri paa linavyosimama. Jua likipasha bati, maji hayo hurudi kuwa mvuke, na hapo ndipo wengi hukosea: mvuke ukikosa njia ya kutoka, kitambaa hulala kimelowa, na usiku wa pili au wa tatu kinajaa na kuanza kudondosha.

Kwa hiyo acha mwanya wa sentimita moja hadi mbili na nusu kwenye ukingo wa paa, pande zote mbili, uufunike kwa wavu wa kuzuia popo, kisha acha njia ya kutokea chini ya kofia. Kwenye ncha ya chini ya bati na mahali mabati yanapopandana, kitambaa kichomwe kwa moto au kipakwe vanishi, kisije kikafyonza maji ya mvua kutoka nje.

Nyumba iliyokwisha kuezekwa haihitaji kung'olewa mabati. Ziba kwanza mianya ya dari, toa moshi na mvuke wa jikoni nje ya ukuta badala ya darini, kisha fungua kingo za paa.