Kiasi cha saruji kinachotosha katika matofali ya udongo Matsangoni

KATIKA vijiji vya Matsangoni, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kuelekea Malindi, nyumba nyingi bado hujengwa kwa fito na kukandikwa udongo. Kuta hizo hupoa vizuri na hazina gharama kubwa, lakini kila masika inapopita, sehemu ya chini ya ukuta humong'onyoka na kazi ya kukandika huanza upya. Mwenye uwezo hununua mawe ya matumbawe au matofali ya saruji. Asiye nao hubaki na njia ya tatu, ambayo ni kufyatua matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo kisha kushindiliwa kwa mashine ya mkono.

Swali linalowasumbua wanaojaribu njia hiyo ni moja: saruji kidogo ni kiasi gani? Anayetia kidogo mno hujenga ukuta utakaolainika mvua ikinyesha. Anayetia nyingi kupita kiasi hutupa fedha ambazo zingenunua mabati. Jibu haliwezi kunakiliwa kutoka kwa jirani, kwa kuwa udongo wa eneo hili hubadilika katika mwendo wa kilomita chache. Ukielekea baharini na Mida hukutana na mchanga na miamba ya matumbawe. Ukielekea bara, kupitia msitu wa Arabuko-Sokoke, kuna mchanga wa kijivu, kisha mweupe, halafu udongo mwekundu. Kila mmoja huitikia saruji kwa namna yake.

Mashine yenyewe si ngeni. Ya kwanza ya aina hii kujulikana duniani, iitwayo CINVA-Ram, ilibuniwa mjini Bogota, Kolombia, katika miaka ya 1950 na mhandisi Raul Ramirez. Ni sanduku la chuma lenye kifuniko na wenzo mrefu. Udongo hujazwa ndani, kifuniko hufungwa, wenzo huvutwa chini na tofali husukumwa juu likiwa tayari. Tofali lake huwa na urefu wa sentimita 29, upana wa 14 na kimo cha 9, na likikauka huwa na uzito wa kilo saba hivi. Humu nchini mashine za mkono hutengenezwa Nairobi na kampuni kama Makiga, na tangu mwaka 1993 kuna kiwango rasmi cha Kenya kuhusu matofali ya udongo ulioimarishwa.

Kabla ya kuzungumzia saruji, ni vyema kufahamu kazi yake. Wengi hudhani hutiwa ili tofali libebe uzito. Hesabu haikubaliani na dhana hiyo. Ukuta wa udongo wenye kimo cha mita tatu hukandamiza tofali la chini kabisa kwa nguvu isiyofika niutoni 0.06 kwa kila milimita mraba. Tofali la udongo mtupu, likiwa kavu na limeshindiliwa vyema, hustahimili nguvu iliyo mara nyingi zaidi ya hiyo. Lakini tofali hilo hilo likilazwa ndani ya maji huvimba na kugeuka tope. Saruji basi hutiwa kwa ajili ya maji. Kwa sababu hiyo, nguvu ya kupimwa ni ile ya tofali lililolowa, na anayepima matofali makavu peke yake hujidanganya.

Hatua ya kwanza ni kuujua udongo. Tabaka la juu lenye mizizi na mbolea huondolewa, kwa maana uozo wa mimea huizuia saruji kushika. Udongo wa chini yake hupitishwa katika chekecheo lenye matundu ya milimita tano au sita. Kisha hutengenezwa kijisanduku cha mbao chenye urefu wa sentimita 60, upana wa nne na kina cha nne kwa ndani, nacho hupakwa mafuta. Udongo uliolowa hushindiliwa humo na kuachwa juani siku tatu, au kivulini siku saba. Ukishakauka, husukumwa wote upande mmoja na pengo linalobaki hupimwa.

Pengo hilo hueleza kiasi cha udongo wa mfinyanzi uliomo, kwa kuwa ndio unaonywea. Kanuni ya tangu enzi za CINVA-Ram ni hii: pengo likiwa chini ya milimita 12, anza na sehemu moja ya saruji kwa 18 za udongo. Likiwa kati ya 12 na 25, tumia moja kwa 16. Likifika 38, moja kwa 14, na likifika 50, moja kwa 12. Likizidi hapo, udongo una mfinyanzi mwingi mno na unapaswa kuchanganywa na mchanga. Kinyume chake hutokea karibu na pwani: udongo usionywea hata kidogo huwa ni mchanga mtupu, na tofali lake huvunjika pembe linapotolewa mashinani. Huo huhitaji kuongezewa udongo mwekundu wenye mfinyanzi, na kuuongezea saruji badala yake ni gharama isiyo na sababu.

Kanuni hiyo ni mahali pa kuanzia tu. Uthibitisho hupatikana kwa kufyatua matofali ya majaribio. Tuchukue mfano wa fundi ambaye udongo wake umeacha pengo la milimita 10. Hutayarisha mafungu manne: la kwanza bila saruji, la pili kwa kipimo cha moja kwa 24, la tatu moja kwa 18, na la nne moja kwa 12. Ndoo ile ile hutumika kupimia vyote, na kila fungu hutoa matofali kumi.

Saruji na udongo huchanganywa vikiwa vikavu hadi rangi iwe moja, kisha maji hunyunyizwa kidogo kidogo. Maji yawe matamu, kwani chumvi ya visima vilivyo karibu na bahari hudhuru tofali, na mchanga wa ufukweni ni vivyo hivyo. Ili kujua kama maji yametosha, fundi hufinya donge kiganjani na kuliangusha kutoka kimo cha kifua juu ya sakafu ngumu. Likipasuka vipande vinne au vitano, unyevu ni sawa. Likisambaratika lote, maji hayajatosha, na likibonyea bila kupasuka, yamezidi.

Tangu maji yanapogusa saruji, muda huanza kuhesabiwa. Mchanganyiko wote unapaswa kuwa umeshindiliwa ndani ya saa moja hivi, kwani saruji iliyoanza kushika kabla ya kushindiliwa haifai tena. Ndiyo maana huchanganywa kiasi kidogo kwa wakati mmoja. Sanduku nalo hujazwa kwa kipimo kile kile kila mara. Ikiwa wenzo hushuka bila upinzani, udongo ni haba na tofali litakuwa jepesi na dhaifu hata likiwa na saruji tele.

Kosa linaloharibu kazi zaidi huja baadaye. Tofali jipya huonekana gumu, na fundi huliacha juani likauke. Saruji haikomai kwa kukauka, bali kwa kubaki na maji. Matofali hupangwa kivulini, hufunikwa kwa nailoni na kunyunyiziwa maji kwa siku saba bila kukosa. Baadaye huachwa hadi zitimie siku 28 ndipo yapimwe.

Mitambo ya kupimia ipo katika maabara za mijini, lakini kipimo cha kulinganisha kinaweza kufanywa uani. Matofali matano ya kila fungu hulazwa majini kwa saa 24, na matano mengine hubaki makavu. Tofali hulazwa juu ya vipande viwili vya nondo vilivyotengana kwa sentimita 20, na kipande cha tatu huwekwa juu yake katikati. Mti mwepesi ulionyooka hutumiwa kama wenzo: ncha yake moja huzuiwa chini ya kisiki imara, tofali likiwa nusu mita kutoka hapo, na pipa dogo la plastiki huning'inizwa mita mbili na nusu kutoka kisiki hicho. Kila lita ya maji inayomiminwa ndani ya pipa huliongezea tofali mzigo wa kilo tano. Maji humiminwa polepole, lita kwa lita, mpaka tofali likatike, na idadi huandikwa.

Tuseme yale matofali bila saruji yaliyeyuka majini kabla ya kupimwa. Ya moja kwa 24 yalikatika kwa wastani wa lita 12, ya moja kwa 18 kwa lita 26, na ya moja kwa 12 kwa lita 31. Fundi ataona kwamba hatua kutoka fungu la pili hadi la tatu imezidisha nguvu maradufu, ilhali hatua ya mwisho imeongeza kidogo tu. Kipimo cha moja kwa 18 ndicho chake.

Tofauti hiyo huonekana dukani. Mfuko mmoja wa kilo 50 hutoa takriban matofali 105 kwa kipimo cha moja kwa 18, na takriban 70 kwa moja kwa 12. Nyumba yenye kuta za mita mraba 80 huhitaji matofali kama 2,700. Kwa kipimo cha kwanza ni mifuko 26, na kwa cha pili ni 39. Mifuko 13 imeokolewa kwa kazi ya mwezi mmoja na matofali 40.

Lakini wastani pekee hautoshi. Matofali matano ya fungu moja yakikatika kwa lita 10, 26, 14, 35 na 18, tatizo si saruji. Ama haikuchanganywa sawasawa, ama maji na ujazo wa sanduku vilibadilikabadilika. Kuongeza saruji hapo ni kuficha kosa, kwa kuwa ukuta hubomoka kuanzia tofali lake dhaifu. Na ikiwa tofali lililolowa halifiki hata theluthi ya nguvu ya lile kavu, pana shaka kwamba saruji haikushika: huenda mfinyanzi umezidi, mfuko ulikuwa umepata unyevu ghalani, au matofali hayakufunikwa.

Kipimo cha uani hulinganisha mafungu tu, wala hakichukui nafasi ya maabara. Anayekusudia kujenga ghorofa au darasa hana budi kupeleka matofali yake yakapimwe rasmi. Kwa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, matokeo yake hutosha kuamua, mradi msingi uwe wa mawe, uinuke juu ya ardhi, na paa litokeze mbele vya kutosha ili matone ya masika yasirushe tope ukutani.