Basi Lisigeuke Ng'ombe: Mvutano wa Herufi za Grantha katika Kitamil

Katika vituo vya mabasi vya Chennai na miji mingine ya jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, vibao vya serikali huandikwa பேருந்து, yaani perundu. Ni neno lililoundwa kwa vipande viwili vya Kitamil, kimoja chenye maana ya ukubwa na kingine ya kusukuma. Lakini muulize abiria aliyesimama chini ya kibao hicho anasubiri nini, na mara nyingi atakujibu "bas". Akiwaandikia wenzake kwenye simu kwamba amechelewa, huenda akaandika பஸ்.

Kikwazo ni ile s ya mwisho. Alfabeti ya asili ya Kitamil haina herufi ya s inayoweza kufunga neno. Asiyetaka kuazima herufi hutumia ச, ambayo husomeka s ikikaa kati ya irabu, na kwa kuwa neno la Kitamil haliishii kwenye konsonanti hiyo, huongeza u mwishoni. Anapata பசு, pasu. Na pasu kwa Kitamil ni ng'ombe.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tumelipitia jambo hili. Tulipolipa neno hilo hilo la Kiingereza irabu ya mwisho, likagongana na "basi" la kumaliza maneno, nasi tukaiachia sentensi kazi ya kuyatenganisha. Watamil wamekuwa na njia tatu: kuazima herufi, kulitohoa neno kwa herufi zao wenyewe, au kuliacha kabisa na kuunda jipya. Kila njia ina watetezi wake, na mabishano yao ni ya karne nyingi.

Herufi inayosomwa kwa kuangalia majirani

Kitamil kina konsonanti 18 tu. Hakina herufi moja ya k na nyingine ya g, wala p na b mbalimbali. Herufi க hubeba k na g, ப hubeba p na b, na msomaji hujua sauti kwa kuangalia mahali herufi ilipokaa. Mwanzoni mwa neno, au ikiandikwa mara mbili, hutamkwa k. Ikifuata nazali hutamkwa g. Ikikaa kati ya irabu mbili hulainika, mara nyingine hadi kukaribia h. Vivyo hivyo ச: mwanzoni wengi huisoma s, ikirudiwa huwa ch, na ikifuata nazali huwa j, kama katika inji, tangawizi, au manjal, ambayo ni manjano ile ile ya mapishi yetu.

Kwa maneno ya Kitamil chenyewe utaratibu huu hauna dosari, kwa sababu j haianzi neno la asili na b hairukii mahali pa p. Shida huanza neno linapotoka nje. Kisanskriti kina j mwanzoni mwa neno, kina sh, kina h, na kina konsonanti zinazorundikana bila irabu kati yake. Kiarabu na Kiingereza vilikuja na mahitaji kama hayo.

Hapo ndipo Grantha inapoingia. Ni mwandiko kamili uliotumika nchi ya Watamil kuandikia Kisanskriti tangu enzi za wafalme wa Pallava, na mwandiko wa Kimalayalam wa leo umetokana nao. Katika maandishi ya mawe ya wafalme wa Chola utaona miandiko miwili ikifuatana: maneno ya baraka ya Kisanskriti kwa Grantha, kisha habari ya ardhi na kodi kwa Kitamil. Kadiri muda ulivyopita, herufi chache zikahamia ndani ya Kitamil zikabaki: ஜ ya j, ஷ ya sh, ஸ ya s, ஹ ya h, pamoja na muungano க்ஷ wa ksh na alama ya heshima ஸ்ரீ, sri. Hazihesabiwi katika zile 18; vitabu vya kufundishia huziweka mwishoni, baada ya herufi za asili. Hata kwenye kibodi ya Tamil99, iliyosanifiwa mwaka 1999, zimepangwa kwenye vitufe vya Q, W, E na R, na hutoka pale tu unaposhikilia Shift. Zipo, lakini kama wageni waliopewa chumba cha uani.

Jinsi Lakshmana alivyokuwa Ilakkuvan

Njia ya kutohoa ni kongwe sana. Tolkappiyam, kitabu kikongwe kuliko vyote vya sarufi ya Kitamil vilivyotufikia, kinaruhusu maneno ya kaskazini yatumike, kwa sharti kwamba yaache herufi zake na kuvaa za Kitamil. Aliyeonyesha sharti hilo linavyoweza kuzaa matunda ni mshairi Kambar, aliyeisimulia Ramayana kwa Kitamil karne kadhaa zilizopita.

Chukua jina la mdogo wake Rama, Lakshmana. Neno la asili la Kitamil halianzi na l, kwa hiyo linatanguliziwa i: Ila. Mrundikano wa ksh hauwezekani, kwa hiyo unakuwa kk. Kati ya kk na m panahitajika irabu, na u inaingia. Mwishoni inaongezwa n, kiishio cha jina la mwanamume. Tunapata Ilakkumanan, na Kambar hutumia umbo fupi zaidi, Ilakkuvan. Kwa njia hiyo hiyo Rama anakuwa Iraman, na Hanuman anaipoteza h yake na kuitwa Anuman. Sh ya Dasharatha inageuka y, ile ya Vibhishana inageuka ட, na wahusika hao wakawa Tayaradan na Vidanan.

Hakuna anayeyaona majina hayo kuwa yameharibika. Yanaingia katika mizani ya shairi bila kukwama, na msomaji hahitaji kujua Kisanskriti kuyatamka. Hii ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya watetezi wa herufi za asili: neno likitoholewa vizuri linakuwa mwenyeji. Wakristo wa Kitamil wamekuwa wakimwita Yesu Iyesu kwa vizazi vingi, na hakuna anayedai herufi ya j ili jina hilo likae sawa.

Herufi zinapobeba siasa

Katika karne ya 20 hoja ya sarufi ikawa pia hoja ya hadhi. Kisanskriti kilikuwa lugha ya mahekalu na elimu ya Wabrahmini, na waliopinga ukuu wao walianza kuziona herufi za Grantha kama alama ya kutawaliwa. Mwaka 1916 mwanazuoni aliyejulikana kama Swami Vedachalam alianza kampeni ya Kitamil safi, akajipa jina la Kitamil, Maraimalai Adigal. Wafuasi wa mwelekeo huo hukataa maneno ya Kisanskriti pamoja na herufi zake. Kwao Japani si ஜப்பான் bali சப்பான், Sappan.

Lakini jina la mtu aliye hai si sawa na jina la shujaa wa tenzi. M. K. Stalin, aliyeapishwa kuwa waziri kiongozi wa Tamil Nadu mwaka 2021, alizaliwa Machi 1953, siku chache kabla ya kifo cha Stalin wa Urusi, na baba yake akampa jina hilo. Chama chao, DMK, ni mtoto wa harakati zile zile za kutetea Kitamil. Hata hivyo jina lake huandikwa ஸ்டாலின், kwa ஸ ya Grantha yenye nukta juu, nukta inayoonyesha kwamba haifuatwi na irabu.

Liandike kwa herufi za asili uone kinachotokea. Neno haliwezi kuanza na konsonanti mbili, kwa hiyo linawekewa i mbele, na s inapewa u yake: இசுடாலின். Sasa ile t imejikuta kati ya irabu mbili, na kwa kanuni ya majirani inalainika kuwa d. Msomaji anatamka Isudalin. Herufi moja iliyokataliwa imebadilisha sauti tatu.

Kwa majina ya Waislamu wa Kitamil, hasara huwa kubwa zaidi. Hasan anakuwa Asan. Shah, likiandikwa kwa ச, linabaki சா, ambalo ndilo shina la kitenzi "kufa". Familia yenye jina hilo inaposhikilia ஷ haina haja yoyote na Kisanskriti. Inataka tu jina lake lisiwe msiba. Ndiyo maana si haki kusema kila anayetumia Grantha anaegemea upande wa mahekalu.

Kile ambacho Grantha haiwezi

Wale wanaodhani herufi hizi zinamaliza tatizo nao wanakosea. Zilizohamia katika Kitamil hazileti g, b wala d. Jina la Gandhi huandikwa காந்தி, na anayefuata kanuni neno kwa neno angelisoma Kandi. Watu husema Gandhi kwa sababu wanamjua. F nayo haimo, kwa sababu hata Kisanskriti hakina. Waandishi wameitengeneza kwa kuweka ஃ, alama ya kale ya sauti ya kooni, mbele ya ப.

Tazama jina la Facebook likiandikwa ஃபேஸ்புக். F imepatikana kwa alama ya kale, s kwa herufi ya Grantha, na b imeachwa kwa ப ya kawaida, msomaji akisie. Njia mbili tofauti na nafasi moja iliyoachwa wazi, ndani ya neno moja. Haishangazi kwamba wengi hupenda mukanul, tafsiri ya Kitamil ya jina hilo.

Watamil wa Sri Lanka wana desturi yao tena. Jiji la Toronto, ambako wengi wao wanaishi, huliandika ரொறன்ரோ kwa herufi tupu za asili, wakati India huandikwa டொராண்டோ. Msomaji wa Chennai akikutana na umbo la Jaffna kwa mara ya kwanza hukwama.

Mwaka 2010, yalipoletwa mapendekezo ya kusajili Grantha katika Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake katika kompyuta, serikali ya Tamil Nadu iliomba yasitishwe kwanza. Wengi walihofia kwamba herufi nyingine zingeingizwa kwenye Kitamil kwa mlango wa nyuma. Grantha ilikuja kusajiliwa mwaka 2014, ikiwa na eneo lake peke yake, huku zile chache za zamani zikibaki ndani ya eneo la Kitamil.

Mpangilio huo naona ulikuwa wa haki, na unafaa hata kwa mwandishi mezani pake. Neno ambalo limekwisha kukaa, kama Iyesu au Ilakkuvan, liandikwe lilivyokaa; kulirudishia ஜ au க்ஷ ni kulifukuza kwao. H iliyo katikati ya neno inaweza kuandikwa க bila hasara, maana herufi hiyo kati ya irabu tayari inaikaribia. Lakini jina la mtu liandikwe kama mwenyewe anavyoliandika, na neno jipya litoholewe pale tu ambapo umbo lake halimpeleki msomaji kwenye maana nyingine. Neno "bas" limeshindwa jaribio hilo, na kwa hiyo lina haki ya kubaki na ஸ் yake, au kuiachia perundu nafasi.