Hakuna Aliyebisha Hodi: Wataalamu, Shaka na Chanjo ya Mafua ya Mwaka 1976

Jumatano ya tarehe 24 Machi, 1976, Rais Gerald Ford wa Marekani aliketi katika Ikulu ya Washington pamoja na mabingwa wa tiba na chanjo wa nchi yake. Miongoni mwao walikuwamo Jonas Salk na Albert Sabin, wagunduzi wawili wa chanjo za polio, ambao kwa miaka mingi walikuwa mahasimu. Suala lililokuwa mezani lilikuwa moja: je, kila Mmarekani apewe chanjo dhidi ya mafua ya nguruwe kabla ya majira ya baridi kuingia? Rais aliomba wanaokubali wanyooshe mikono, na mikono yote ikanyooka. Akauliza kama yupo mwenye mashaka. Kimya. Ndipo akasema kwamba angesitisha kikao kwa muda na kukaa ofisini kwake, ili mwenye wasiwasi ambao hakupenda kuusema hadharani amfuate na kumweleza faraghani. Alingoja, na hakuna aliyebisha hodi. Baadaye siku hiyohiyo alilitangazia taifa mpango huo, Salk na Sabin wakiwa kando yake.

Miezi tisa baadaye mpango huo ulisimamishwa. Janga lililohofiwa halikutokea, na baadhi ya waliochanjwa walikuwa wamepooza.

Ilikuwaje basi watu wenye elimu kubwa namna ile wakose hata mmoja wa kusema neno la shaka? Jibu la haraka ni kwamba hawakuwa na shaka. Jibu hilo si sahihi, na ushahidi wake upo.

Habari yenyewe ilianzia katika kambi ya jeshi ya Fort Dix, jimbo la New Jersey, mapema mwezi Februari mwaka huo. Askari kijana, akiwa na mafua, alishiriki matembezi ya usiku ya mazoezi na kufariki dunia. Uchunguzi wa maabara ulionyesha kwamba yeye na wenzake wachache walikuwa na kirusi cha mafua kinachofanana na kile cha nguruwe. Wataalamu wa wakati huo waliamini kwamba kirusi cha ukoo huo ndicho kilicholeta janga la mwaka 1918, lililoua mamilioni ya watu duniani. Vipimo vya damu vilibainisha kwamba askari wapatao 230 walikuwa wameambukizwa. Hata hivyo, nje ya kambi hakukupatikana dalili ya kirusi hicho kuenea.

Hapo palikuwa na mambo mawili ya kweli yaliyovutana. Kirusi kipya kilikuwa kimepita kutoka mtu hadi mtu, jambo ambalo hakuna daktari wa magonjwa ya kuambukiza anayeweza kulipuuza. Lakini pia kilikuwa kimeua mtu mmoja tu na kutoweka. Aidha, chanjo ya mafua ilikuzwa ndani ya mayai ya kuku, kazi inayohitaji miezi mingi. Ikiwa chanjo ingetakiwa kuwa tayari kabla ya baridi, agizo lilipaswa kutolewa mwezi Machi. Haraka hiyo haikuwa ya kubuni, na ni haki kuwatetea wahusika kwa hilo.

Tarehe 10 Machi kamati ya ushauri wa chanjo ilikutana. Wajumbe wake walifahamiana vizuri. Wengi walikuwa wamefanya kazi pamoja kwa miaka. Mmoja wao, Russell Alexander wa Chuo Kikuu cha Washington, aliuliza swali ambalo leo linaonekana kuwa ndilo lililostahili kuchukua kikao kizima. Aliuliza ni wakati gani matayarisho yasitishwe na chanjo iwekwe ghalani, badala ya kuchomwa watu. Kwa maneno mengine, alitaka kutenganisha uamuzi wa kutengeneza chanjo na uamuzi wa kuitumia. Wenzake hawakumkemea wala kumdhihaki. Swali lilijibiwa juujuu, mazungumzo yakaendelea, naye hakulishikilia. Alikuwa mtu mpole, na aliyeona peke yake kitu ambacho wenzake hawakuonekana kukiona huanza kujishuku mwenyewe.

Siku chache baadaye David Sencer, mkurugenzi wa kituo cha taifa cha kudhibiti magonjwa, aliwaandikia wakubwa wake waraka. Waraka ulitaja njia kadhaa za kuchukua, lakini uliandikwa kwa namna ambayo msomaji asingeweza kuchagua isipokuwa moja. Ulisema uwezekano wa janga ni mkubwa bila kuutaja kwa tarakimu. Na ndani yake uamuzi wa kutengeneza na uamuzi wa kuchanja vilikuwa tayari kitu kimoja.

Baada ya mambo kuharibika, serikali mpya iliwaomba wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Richard Neustadt na Harvey Fineberg, kuchunguza uamuzi huo ulivyofikiwa. Ripoti yao ya mwaka 1978 ina jambo ambalo kila mwenyekiti wa kamati anafaa kulijua. Walipowauliza wataalamu kila mmoja peke yake kwamba mwezi Machi aliona uwezekano wa janga ulikuwa kiasi gani, majibu yalikuwa kati ya asilimia 2 na asilimia 20. Hakuna aliyekuwa amezitaja tarakimu hizo kwa wenzake. Kila mmoja alibeba makadirio yake moyoni, akauona ukimya wa wengine, akadhani wao wana uhakika kuliko yeye.

Hali hiyo ndiyo Irving Janis, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Yale, alikuwa ameieleza katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu fikra ya kundi. Janis alichunguza, pamoja na mengine, uvamizi wa Kuba wa mwaka 1961 uliomfedhehesha Rais John Kennedy. Hoja yake haikuwa kwamba makundi ni mabaya, wala kwamba wajumbe huogopa adhabu. Alisema kwamba wajumbe wanaopendana na kuheshimiana hujikagua wenyewe kabla hawajafungua kinywa, ili wasivuruge umoja. Shaka hufia ndani ya mtu. Kisha kundi huutazama ukimya lililouzaa lenyewe na kuuita makubaliano. Watafiti waliompima Janis baadaye wamepata matokeo yanayotofautiana, na si kila uamuzi mbaya hutokana na fikra ya kundi. Hata mwaka 1976 hofu ya mwaka 1918 peke yake ingeweza kuwasukuma wengi. Lakini kuhusu ukimya unaozaa ukimya, ushahidi wa Harvard ni mzito.

Turudi sasa Ikulu. Rais Ford anastahili sifa kwa kuuliza kama yupo mwenye shaka. Viongozi wengi hawaulizi. Kosa lilikuwa katika mpangilio. Aliomba mikono kwanza, shaka baadaye. Mtu aliyekwisha kunyoosha mkono mbele ya mabingwa wa fani yake alitakiwa sasa ainuke, avuke chumba huku wote wakimtazama, na kumwambia Rais kwamba mkono wake ulidanganya. Isitoshe, baadhi ya waalikwa walihisi kwamba uamuzi ulikuwa umekwisha kufanyika, nao wameletwa kuubariki tu. Mlango ulikuwa wazi, lakini njia ya kuufikia ilipita mbele ya macho ya wote.

Yaliyofuata yanaeleweka kwa urahisi. Kwa kuwa hakukuwekwa kigezo cha kusimama, hakuna habari iliyoweza kuusimamisha mpango. Majira ya baridi ya nusu ya kusini ya dunia yalipita bila mafua ya nguruwe kuonekana, mpango ukaendelea. Sabin mwenyewe alibadili mawazo, akashauri chanjo iwekwe akiba, mpango ukaendelea. Mashirika ya bima, ambayo hayakuwamo katika undugu ule, yalikataa kubeba dhamana ya madhara, na Bunge likalazimika mwezi Agosti kupitisha sheria ya serikali kuibeba. Inashangaza kidogo kwamba watu wa hesabu za fedha ndio waliouliza kwa sauti kitu ambacho madaktari walikinyamazia: je, ikiwadhuru watu?

Uchanjaji ulianza tarehe 1 Oktoba, na zaidi ya watu milioni 40 wakachanjwa. Kuelekea mwisho wa Novemba taarifa za ugonjwa wa Guillain-Barré zilianza kufika. Katika ugonjwa huu kinga ya mwili huishambulia mishipa ya fahamu. Mgonjwa huanza kuhisi ganzi na udhaifu miguuni, kisha udhaifu hupanda, na wakati mwingine hufikia misuli ya kupumua. Wengi hupona, ingawa polepole, wachache hufa. Ilikadiriwa kwamba chanjo ile iliongeza takribani mgonjwa mmoja kwa kila watu 100,000 waliochanjwa. Tarehe 16 Desemba mpango ukasitishwa.

Tarakimu hiyo inahitaji kutazamwa kwa utulivu, hasa na msomaji anayejiuliza kama achanjwe au la. Kama janga lingekuja, mgonjwa mmoja kwa 100,000 angekuwa gharama ndogo mno mbele ya maisha ambayo yangeokolewa. Kwa kuwa halikuja, gharama yote ilibaki bila faida. Chanjo ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni upande wa pili wa mizani, na upande huo ndio kamati haikuupima tena. Kutengeneza chanjo mwezi Machi kulikuwa uamuzi unaoteteleka. Kuichoma mwezi Oktoba, bila mgonjwa mpya nje ya Fort Dix wa kuonyesha kwamba janga linakuja, lilikuwa swali jingine ambalo halikupata kikao chake.

Kamati za hospitali ni ndogo kuliko zile za Washington, lakini zina undugu uleule, na kwetu heshima ya umri na cheo huongeza uzito. Muuguzi kijana aliyemwamkia mwenyekiti shikamoo mlangoni hatarajiwi kumpinga dakika kumi baadaye. Dalili za hatari hupatikana katika kumbukumbu za vikao. Kamati ya kupitia vifo vya uzazi ambayo kila ajenda yake imeandikwa "wajumbe walikubaliana kwa kauli moja", na ambayo kila kifo kimeelezwa kwa mama kuchelewa kufika, inafaa ijitazame upya. Vivyo hivyo kamati ya dawa inayobadilisha dawa ya kwanza ya kutibu ugonjwa fulani bila kuandika ni matokeo gani yatakayoifanya irudi ilikotoka.

Wapo wanaomteua mjumbe mmoja awe mpinzani wa kazi. Msaada wake ni mdogo, kwa sababu wenzake wanajua kwamba anaigiza. Linalofaa zaidi ni kila mjumbe kuandika makadirio yake kwenye karatasi kabla ya mjadala, karatasi zikusanywe, na tarakimu zisomwe bila majina. Kama hilo lingefanyika Machi 1976, asilimia 2 na asilimia 20 zingekutana mezani kabla ya mkono wowote kunyooka. Wadogo wazungumze kwanza, mwenyekiti mwisho. Na kabla ya kufunga ajenda, katibu aandike swali la Alexander pamoja na jibu lake: tukiona nini, tutasimama, na tutakutana lini kuangalia?

Swali hilo si la wajumbe peke yao. Mgonjwa anayeambiwa kwamba jopo la madaktari limekubaliana juu ya upasuaji au dawa ya muda mrefu anaweza kuuliza kwa adabu, "Daktari, ni kitu gani kikionekana mtabadilisha mpango huu?" Daktari ambaye jopo lake lilijadili kweli atakuwa na jibu tayari.