Uvimbe kinenani, ugonjwa mgongoni

Jina lake lilishaingia kwenye orodha ya chumba cha upasuaji ya siku iliyofuata, la tatu kutoka juu, na mbele yake limeandikwa neno moja: henia. Fomu ya ridhaa ilishapigwa dole gumba. Mgonjwa ni mwanaume wa miaka 38, mfugaji kutoka mkoa wa Manyara, mwenye uvimbe kwenye kinena cha kulia uliokuwa ukikua taratibu kwa miezi 4. Akikohoa unajaa, akilala unapungua. Kituo cha afya kilichompa rufaa kiliandika henia, na mapokezi ya hospitali yakanakili hivyo hivyo. Nani angewalaumu?

Hayo niliyasikia nikiwa viti vya nyuma katika kikao cha kliniki cha hospitali moja ya Kanda ya Kaskazini, nilikokwenda kwa habari nyingine kabisa, ya mtambo wa oksijeni. Habari ya mtambo imeshachapishwa na sijaifikiria tena. Hii ya uvimbe ndiyo iliyonikaa kichwani.

Aliyewasilisha kisa alikuwa daktari tarajali, binti mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye aliomba nisimtaje. Mgonjwa naye aliridhia habari zake zisimuliwe, mradi jina lisitoke. Katika vikao hivi mwasilishaji hatangulizi jibu. Anaeleza historia, anasimama, anawaachia wenzake wabashiri, kisha anafungua ukurasa unaofuata. Aliposimama mara ya kwanza, karibu chumba kizima kilisema henia. Mtu mmoja akataja tezi za kinena zilizovimba. Binti akaitikia kwa kichwa, akaendelea.

Baada ya kikao nilimfuata, akanisimulia upya kwa nafasi.

"Jioni ile nilikwenda kumchoma sindano ya mshipa, ya kumwandaa," alisema. "Nikamwambia, kaka, nyoosha miguu nipate pa kuweka trei. Akanyoosha wa kushoto. Wa kulia akauacha umekunjwa. Nikarudia. Akaniambia, 'Dokta, huu haunyooki. Tangu wakati wa mvua haunyooki.' Nikaweka trei chini."

Henia haimzuii mtu kunyoosha mguu. Inaweza kumuuma, inaweza kumchosha, lakini haikunji nyonga miezi kwa miezi. Alimlaza kwa ubavu wa kushoto, akashika paja la kulia na kulivuta nyuma polepole. Mgonjwa akakamata chuma cha kitanda. Kwa daktari hiyo ni ishara kwamba kuna kitu kinausumbua msuli wa soasi, msuli mrefu unaoanzia kandokando ya pingili za kiuno, unashuka ndani ya tumbo kwa nyuma, unapita chini ya kano ya kinena na kujishikiza juu ya mfupa wa paja. Kazi yake ni kuukunja mguu. Ukiwa na maumivu, mwenyewe huuacha umelegea, na ili ulegee lazima mguu ukae umekunjwa.

Kisha akatumia mikono. Sehemu hii alinionyesha juu ya meza, kwa mfuko wa plastiki wenye maji, na nilimwomba airudie.

Kwanza alitafuta mapigo ya ateri kubwa ya paja, katikati ya kinena. Henia inayotokea chini ya kano, juu ya paja, hukaa upande wa ndani wa mapigo hayo, kuelekea sehemu za siri. Uvimbe huu ulikuwa upande wa nje. Akaugusa: hauna joto, ngozi haijawa nyekundu, na akibonyeza kidogo mgonjwa hashtuki, jambo ambalo jipu la kawaida lisingeruhusu. Mwisho akaweka kiganja kimoja juu ya uvimbe na kingine juu ya kano, kwenye tumbo la chini, mahali palipoonekana hapana kitu. Akabonyeza kwa mkono wa chini. Mkono wa juu ukainuliwa. Akabonyeza wa juu, wa chini ukajaa.

"Pale ndipo nilipojua ni maji yale yale, juu na chini ya kano, chumba kimoja," alisema. "Na ndiyo maana ulikuwa unajaa akikohoa. Tumbo linasukuma kilicho juu, kinashuka. Ule msukumo wa kikohozi tunaoutegemea kusema hii ni henia, jipu la soasi nalo linao."

Bado hakujua linatoka wapi. Akamsimamisha mgonjwa, akadondosha kifuniko cha kalamu sakafuni, akamwomba amwokotee. Mtu mzima mwenye mgongo mzima huinama tu. Huyu alichuchumaa, mgongo umenyooka kama ubao, mkono mmoja umejishikiza juu ya goti, akaokota, akajiinua kwa kujisukuma na paja. Daktari akampitisha kidole kwenye uti wa mgongo, pingili moja baada ya nyingine. Mwanzoni mwa kiuno kidole kikapanda kigongo kidogo. Alipopagonga pale kwa ngumi, taratibu, ndipo mgonjwa alipolia.

Alikuwa na maumivu ya mgongo tangu mwaka uliotangulia. Hakuyataja mapokezi kwa sababu hakuulizwa, na yeye alikuja kwa ajili ya uvimbe. Kwenye duka la dawa na zahanati alishapewa vidonge vya maumivu, mara kadhaa.

Katika kikao, mtu wa kwanza kusema TB kwa sauti alikuwa daktari bingwa wa upasuaji, mzee aliyekuwa kimya muda wote. Vijidudu huingia kwa hewa hadi kwenye mapafu, vingine vikachukuliwa na damu vikatua kwenye mfupa wa pingili, karibu na gegedu inayozitenganisha pingili mbili. Hapo vinakula mfupa polepole, pingili mbili za jirani zinadhoofika na kuinamiana kwa mbele, na kwa nyuma kinatokea kigongo. Usaha unaotengenezwa pale unatafuta njia. Ukipenya kwenye ala ya msuli wa soasi, msuli wenyewe unaupeleka hadi pajani. "Bati limetoboka juu ya mlango," mzee aliwaambia vijana, "maji yamefuata boriti, yamedondokea kitandani. Nyie mnataka kuziba kitanda."

Maradhi haya ni ya kale mno. Mwaka 1910 wataalamu wawili, Smith na Ruffer, walieleza maiti iliyokaushwa ya kuhani wa Misri ya kale, wa miaka kama 3,000 iliyopita, ikiwa na mgongo uliokunjika na jipu la soasi upande wa kulia. Upande ule ule.

Vipimo vya awali vilikuwa vinapotosha kuliko kusaidia. Eksirei ya kifua: safi. Makohozi: hana, hakohoi kwa ugonjwa. VVU: hana. Chembe nyeupe za damu: kawaida. Kilichopanda ni kipimo cha kasi ya chembe nyekundu kuzama, 92, ilhali kwa mwanaume wa umri wake hakitarajiwi kuvuka 15 hivi, lakini hicho kinasema tu kwamba kuna jambo mwilini. Eksirei ya mgongo ilionyesha pingili mbili zilizolika zilipokutana. Hata hiyo huchelewa: mfupa unaweza kupoteza theluthi nzima, hata zaidi, kabla picha haijaonyesha kitu. Ultrasaundi ndiyo iliyoona usaha, mfuko mrefu kutoka kiunoni hadi kinenani.

Akatolewa kwenye orodha ya upasuaji usiku ule ule.

Hapa nilimuuliza daktari: kama ni usaha, kwa nini usikatwe ukatoka ukaisha? Alitikisa kichwa kabla sijamaliza. Jipu hili ukilipasua kama majipu mengine, tundu huenda lisizibe. Linabaki likivuja kwa miezi, na bakteria wa nje wanaingia na kushuka hadi kwenye mfupa ambao tayari ni mgonjwa. Kwa hiyo walitumia sindano nene, na hawakuiingiza kileleni mwa uvimbe ambako ngozi imekonda. Waliiingiza pembeni, kwenye ngozi nzima, wakaivuta ngozi kidogo kabla ya kuchoma na kuipitisha kwa mshazari, ili ikitoka tundu la ngozi na tundu la ndani yasikutane. Ulitoka usaha mwepesi wa rangi ya manjano hafifu, wenye chembechembe, usio na harufu.

Kwa darubini hawakuona kijidudu hata kimoja. Kwenye TB ya nje ya mapafu hilo si ajabu, vijidudu huwa vichache. Mashine ya GeneXpert, ambayo hutafuta vinasaba vya kijidudu badala ya kijidudu chenyewe, ilitoa jibu chini ya saa 2. Binti aliliweka ukutani kama lilivyotoka:

```
MTB DETECTED LOW
RIF Resistance NOT DETECTED
```

Chumba kikanong'ona. Nadhani hata waliobashiri henia walifurahi.

Mgonjwa alikuwa na kilo 51, akaanzishiwa vidonge 3 vya mchanganyiko wa dawa 4 kila siku kwa miezi 2, kisha dawa 2 kwa miezi 10. Kwa mapafu matibabu huwa miezi 6. Kwa mfupa wao huenda hadi mwaka. Usaha uliobaki ulifyonzwa kwa sindano kwa kuongozwa na ultrasaundi. Miguu yake ina nguvu, mkojo anauzuia, kwa hiyo mgongo haukuhitaji kupasuliwa. Binti alisema mara mbili kwamba mambo hayo mawili huulizwa kila anaporudi kliniki, kwa sababu mguu ukianza kulegea maana yake uti unabanwa.

Kisha mzee akauliza swali ambalo halikuwa na jibu. Huyu ni mfugaji, maziwa anakunywaje? Mabichi, binti akajibu, tangu utotoni. Wakazungumzia ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, ambao nao hupenda mgongo wa binadamu. Kipimo chake kilikuwa kimekuja safi. Lakini mzee alikuwa na jambo jingine. Ng'ombe nao wana TB yao, inayopita kwenye maziwa mabichi, na GeneXpert haitenganishi ya ng'ombe na ya binadamu. Zote huitwa MTB. Tofauti ina maana yake kitandani, kwa sababu TB ya ng'ombe kwa asili haisikii mojawapo ya zile dawa 4, pirazinamidi. Kama ndiyo aliyonayo, basi miezi ile 2 ya mwanzo anatibiwa kwa dawa 3 huku kadi ikisema 4.

"Usaha mlipeleka kuoteshwa?" mzee aliuliza.

Walipeleka maabara ya rufaa. Kuotesha huweza kuchukua wiki 6, na kutambua ni aina ipi ni hatua nyingine ambayo maabara haifanyi bila kuombwa. Binti akapekua faili. Kwenye fomu, mahali pa maombi, palikuwa pameandikwa kuotesha tu. Akauliza kama bado inawezekana kuongeza. Mwenyekiti akasema apige simu leo.

Swali la watoto liliulizwa mwisho, watu wakishaanza kusimama. Mgonjwa ana watoto 5 nyumbani, wanaokunywa kutoka kibuyu kimoja naye. Mratibu wa TB wa wilaya ameshapewa taarifa, binti alisema, lakini namba ya simu iliyo kwenye faili ni ya jirani, na boma lilikuwa linajiandaa kuhama kufuata malisho.